Maneno ya kadi na bei ya sahani

Mpishi hakuwa mtu wa maneno mengi. Alifungua daftari, akaandika tarehe ya harusi na jina la mtaa, Gasenyi, kisha akauliza swali moja: "Watu wangapi?" Nikamwambia kati ya mia moja na hamsini na mia mbili na hamsini. Akafunga daftari. "Mzee, hiyo siyo idadi ya watu. Huo ni umri wa kobe."

Nilicheka, lakini nilipofika nyumbani nikapiga hesabu. Tuseme sahani moja ni faranga 20,000. Naweka bei ya mviringo kwa sababu bei za Bujumbura hazikai mahali pamoja mwezi mzima, nawe utaweka ya kwako. Sahani 150 ni milioni 3. Sahani 250 ni milioni 5. Ile "kati ya" niliyoitamka kwa sekunde moja ilikuwa na milioni 2 ndani yake, na mpishi alitaka nusu ya pesa siku ile na nusu iliyobaki Jumanne kabla ya Jumamosi ya shughuli. Sikumlaumu. Mchele, mafuta, nyama na makaa hununuliwa kwa pesa taslimu, na tangu mafuta ya gari yalipoanza kuadimika nchini, hakuna mpishi anayetaka kwenda sokoni mara mbili kwa kazi moja.

Basi tatizo halikuwa kwa mpishi. Lilikuwa kwenye kadi.

Kadi zetu nyingi hapa mjini zina herufi nne chini kabisa, RSVP, na namba mbili za simu. Herufi hizo ni kifupi cha Kifaransa cha kumwomba mtu ajibu tafadhali, na zimechapishwa kwenye kadi za harusi tangu enzi za wazazi wetu. Tatizo ni kwamba wengi huzisoma kama sehemu ya mapambo, pamoja na yale maua ya pembeni. Nimewahi kumwuliza kijana mmoja maana yake akaniambia ni jina la ukumbi. Na hata anayejua maana yake hajaambiwa ajibu nini, ajibu lini, wala itakuwaje asipojibu.

Hayo ndiyo mambo matatu ambayo sentensi ya kuomba jibu lazima iyabebe, na la tatu ndilo linaloshika pesa yako. Utake usitake, wapo watakaonyamaza. Maneno ya kadi ndiyo yanayoamua ukimya wao utahesabiwa kama nini: kama ndiyo, kama hapana, au kama kitendawili. Hebu tuyapime maneno yanayotumika sana, moja baada ya jingine, kwa familia ile ile na orodha ile ile: bahasha 90, na ndani yake viti 200, kwa sababu bahasha ya mume na mke ni viti viwili, ya jirani mjane ni kimoja, ya kaka mwenye watoto wakubwa ni vinne. Namba nitakazotumia ni za mfano, lakini umbo lake utalitambua kama umewahi kukaa kwenye kamati.

Aina ya kwanza ndiyo hiyo RSVP tupu na namba za simu. Ni rahisi kuliko zote, hailipiwi chochote zaidi. Majibu yatakayokuja ni ya watu wenye tabia ya kujibu: walimu, wafanyakazi wa ofisi, na yule mjomba aliyeko ng'ambo ambaye hatakuja. Wengine wote wako gizani. Ikiwa bahasha 30 zimejibu, unabaki na 60 za kubahatisha, na kamati ikianza kubahatisha huwa inabahatisha kwa woga. Hakuna anayetaka kuwa yeye aliyesema "punguza" kisha wageni wakakaa na sahani tupu. Kwa hiyo kamati huongeza. Katika shughuli moja ya familia yetu iliyopita tuliongeza hivyo hivyo, na jioni yake masufuria mawili ya pilau yalizungushwa kwa majirani. Majirani walifurahi. Aliyekopa pesa ya masufuria hayo hakufurahi.

Aina ya pili inaonekana ya kistaarabu zaidi: "Tafadhali tujulishe ikiwa hutaweza kufika." Nimeiona kwenye kadi za watu wenye heshima zao, na kwa shughuli inayolipiwa mapema ndiyo hasara kuu. Inamtaka mtu apige simu kusema hapana. Kwetu kukataa mwaliko wa harusi kwa mdomo ni kama kumsukuma mtu. Mtu atapata homa, atapata msiba, atakosa basi, lakini hatapiga simu wiki moja kabla aseme "sitakuja." Kati ya bahasha zetu 90 labda tatu zitapiga, zenye viti 6. Ukimya wa wengine wote umeuandika wewe mwenyewe kama ndiyo, kwa hiyo unalipia sahani 194, ongeza wapiga picha, madereva na vijana wa muziki, tuseme 9, jumla 203. Hiyo ni milioni 4 na elfu 60. Maneno hayo yanafaa chai na keki, ambapo mtu asiyekuja hakupotezei kitu. Kwenye sahani usiyaguse.

Aina ya tatu ni "Tafadhali thibitisha kuhudhuria kwako kabla ya tarehe fulani." Hapa angalau pana siku ya mwisho. Kasoro yake iko kwenye neno "kuhudhuria." Mtu atakujibu, "Tutakuwepo." Wangapi? Yeye na mkewe, au yeye, mkewe, mama mkwe aliyekuja kutoka Gitega na watoto watatu? Nimehesabu majibu ya namna hiyo kwenye simu yangu: "Tupo pamoja," "Hatukosi," "Inshallah," na moja lililokuwa kidole gumba tu. Yote ni mema, na hakuna hata moja unaloweza kumsomea mpishi.

Kuhusu inshallah niseme kidogo, maana ndiyo neno linalovuruga hesabu nyingi upande wetu. Ipo inshallah ya mtu aliyekwisha panga nguo atakazovaa, na ipo inshallah ya mtu asiyetaka kukukatalia. Zinaandikwa sawa na zinatamkwa karibu sawa. Usijaribu kuzitafsiri. Kubali ile inshallah, kisha muulize swali jingine ambalo jibu lake linahitaji uamuzi. Kwa shughuli yetu ya Gasenyi swali hilo lilijileta lenyewe. Mtaa uko juu huko upande wa Gihosha, wageni wetu wengi wako Buyenzi na wengine Kinama, na siku zile za foleni za petroli hakuna aliyekuwa na hakika ya kupata gari. Tulipanga basi dogo. Badala ya kuuliza "Mtakuja?" tukauliza "Basi litaondoka Buyenzi saa tano na nusu, niwawekee nafasi ngapi?" Watu waliosema inshallah mara mbili walijibu hapo hapo: tatu, moja, au "sisi usituwekee, siku hiyo tuna safari." Kukataa kiti cha basi hakumwumizi mtu kama kukataa harusi.

Aina ya nne ndiyo niliyoichagua, na nitaieleza kwa kirefu baadaye. Inataja idadi ya viti kwa jina la mwalikwa, inataja siku, na inasema wazi kwamba ukimya ni hapana.

Aina ya tano inatoka kwa jirani zetu Watanzania. Kule kadi ya harusi huandikwa "single" au "double", yaani mtu mmoja au wawili, na mlangoni wapo vijana wa kuikagua. Wengi wanaoipata wameahidi mchango na wameulipa kwa kamati kabla, kwa hiyo kamati inajua idadi yake kutokana na daftari la pesa. Hata swali la kuomba jibu linakuwa dogo, kwa sababu mtu aliyelipa mchango wake amekwisha jibu kwa mfuko. Kwa hesabu tupu, hakuna njia inayoipita hiyo. Lakini ina masharti ambayo si rahisi kuyahamisha. Kwetu mchango mwingi bado unakuja siku yenyewe ndani ya bahasha, kwa hiyo hakuna daftari la kukusaidia Jumanne. Pia inahitaji mtu wa kusimama getini na kumwambia bibi aliyekuja na mjukuu kwamba kadi yake ni ya mtu mmoja. Nilizunguka kamati nzima kutafuta mtu wa kazi hiyo. Hakupatikana.

Sasa nirudi kwenye ile ya nne. Nilipoileta kwenye kikao cha familia, shangazi yetu mkubwa, mtu wa Buyenzi tangu azaliwe, aliisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Mwanangu, tangu lini mtu anaomba ruhusa ya kwenda kula kwa ndugu yake?"

"Shangazi, haombi ruhusa. Anatuambia tu tumpikie."

"Na asiposema hampikii?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba maneno yangu ya kwanza yalikuwa makali. Niliandika: "Asiyejibu hatahesabiwa." Ni kweli tupu, lakini inasomeka kama tangazo la ofisi ya kodi. Shangazi akatoa wazo ambalo liliokoa kadi nzima: tutenganishe kinachohesabiwa na kisichohesabiwa. Nikaha itasomwa asubuhi, na nikaha haina sahani. Kahawa, halua na juisi ukikosea kwa watu thelathini unaongeza maji kwenye birika na kukata halua vipande vidogo. Chakula cha mchana ndicho chenye bei kwa kichwa. Kwa hiyo mlango wa asubuhi uwe wazi kwa kila mtu, na mlango wa mchana uwe na idadi. Asiyejibu hajafukuzwa, amealikwa asubuhi.

Maneno tuliyotoka nayo ni haya, nawe uyachukue ukitaka:

"Nikaha itasomwa saa nne asubuhi, na nyote mnakaribishwa. Chakula cha mchana, saa saba, tumewawekea familia yenu viti vinne. Mpishi ananunua vitu mapema, kwa hiyo tunawaomba mtutumie idadi ya watakaokula, wakubwa na watoto, kwa ujumbe au simu, hadi Ijumaa tarehe 12. Tusipopata idadi yenu hadi siku hiyo, tutajua mchana hamtaweza, na tutafurahi kuwaona asubuhi."

Tazama kila kipande kinafanya kazi gani. "Familia yenu viti vinne" inaandikwa kwa kalamu kwenye kila kadi, kwa idadi ya bahasha ile. Inazuia swali la "nije na nani?" bila kumtaja mtu asiyealikwa. Ukisema "msije na wageni wengine" umemtukana mtu kabla hajakosa. Ukisema viti vinne umempa kitu. "Mpishi ananunua vitu mapema" inatoa sababu, na watu wetu wote wanaijua hali ya soko, kwa hiyo wanaielewa mara moja. Bila sababu, siku ya mwisho inaonekana kama maringo. "Idadi ya watakaokula" inamlazimisha atume namba. Mtu akiulizwa namba, hata kidole gumba anaona haya kukituma. "Wakubwa na watoto" ni kwa sababu wapishi wengine hutoza watoto nusu, na wengine hawatozi wanaokula na mama zao. Muulize wako kabla hujaandika. Na sentensi ya mwisho inaupa ukimya maana moja tu, tena bila kumfungia mtu mlango.

Kuhusu tarehe: siku ya kwenye kadi isiwe siku ya mpishi. Yetu ya mpishi ilikuwa Jumanne saa sita mchana, kwa shughuli ya Jumamosi. Kwenye kadi tuliandika Ijumaa iliyotangulia, ili tubakiwe na Jumamosi, Jumapili na Jumatatu za kuwapigia walionyamaza. Kuna watu huweka siku ya mwisho mwezi mzima kabla, wakidhani wamejihakikishia. Jibu la mwezi mmoja kabla linaoza. Mtu aliyesema watatu mwanzoni mwa mwezi hajui kama mwishoni atapata nauli, na hatakumbuka kukurekebishia. Kadi wiki tatu kabla na siku ya mwisho siku nane kabla ilitutosha.

Sasa hesabu yenyewe, kwa bahasha zile 90. Ijumaa usiku ikifika, tuseme bahasha 48 zimetuma namba. Ziliwekewa viti 110, lakini zenyewe zimesema watakuja 101, na hizo sahani 9 zilizopungua hungezijua kwa jibu la "tutakuwepo." Bahasha 9 zimesema hapana kwa mchana, viti 21. Hizo hapana 9 ndizo matunda ya ile sentensi ya mwisho. Kwa kadi ya kawaida ungepata mbili au tatu. Zimebaki bahasha 33 zenye viti 69, kimya au inshallah.

Kwa masharti ya kadi unaweza kuzifuta. Usifanye hivyo. Kisheria uko sawa, lakini Jumamosi watakuja wengine wao na hawatakuja na kadi mkononi wakusomee masharti. Piga simu. Bahasha 33, dakika mbili au tatu kila moja, ni kazi ya watu watatu kwa jioni moja, na gharama ya muda wa maongezi haifiki sahani tano. Sentensi ya simu nayo ina umuhimu wake. Ukisema "Kwa nini hamjajibu?" utapata ndiyo ya aibu, na ndiyo ya aibu haiji Jumamosi. Sema: "Kesho kutwa nampa mpishi idadi. Nyumbani kwenu niandike wangapi, au mwaka huu mchana utawawia vigumu?" Umeitaja hapana wewe mwenyewe, kwa hiyo yeye hahitaji kuitamka; anakubali tu.

Tuseme nyumba 17 zimetoa namba, jumla watu 34. Nyumba 12 zimesema vigumu. Nyumba 4 zenye viti 8 hazipatikani kwa simu. 101 na 34 ni 135. Kwa zile 4 zisizopatikana weka nusu, yaani watu 4: 139. Ongeza wale 9 wanaofanya kazi siku hiyo, ambao kamati nyingi huwasahau mpaka dereva anapokuja jikoni na sahani yake: 148. Mwambie mpishi 150, milioni 3 kamili. Ukilinganisha na kadi ya "tujulishe ikiwa hutaweza", ambayo kwa familia ile ile ingekulipisha sahani 203, tofauti ni sahani 53, milioni 1 na elfu 60. Kadi zenyewe zimechapishwa kwa bei ile ile. Kilichobadilika ni sentensi nne na jioni moja ya simu.

Je, wasioalikwa? Watakuja, na baadhi ya waliosema ndiyo hawatakuja. Hizo mbili hazifutani kwa usawa, lakini husaidiana. Kabla ya kuongeza sahani za akiba, muulize mpishi kama anakutoza kwa sahani au kwa sufuria, kwa sababu hapo ndipo tofauti kubwa ya pili ilipo. Anayetoza kwa sahani anakulipisha kichwa kizima kwa kila mtu wa akiba. Anayetoza kwa sufuria, yaani wewe unanunua mchele na nyama na kumlipa kazi, anakupa nafasi ya kunyoosha. Kilo ya mchele kwenye pilau ya shughuli hulisha watu wanane hadi kumi, kwa hiyo kilo 2 za ziada zinabeba wageni 16 hadi 20, na nyama inakatwa vipande vidogo kidogo. Kwa sufuria, kukosea kwa watu 15 ni kero. Kwa sahani ni 300,000. Ikiwa unajua ukoo wako haujibu hata upewe kalamu, basi mpishi wa sufuria ni bima nzuri kuliko kadi yoyote. Ila ukumbuke kazi ya soko itakuwa yako, na siku ya nyama utaamka saa kumi alfajiri.

Na vinywaji usivichanganye na hesabu hii. Kreti ya soda isiyofunguliwa, ukikubaliana na muuzaji mapema, inarudi. Pilau hairudi. Watu wengi hutumia idadi moja kwa vyote viwili, kisha wanabana soda na kumwaga chakula. Ningefanya kinyume: soda kwa wingi, sahani kwa namba.

Imebaki njia ya kupelekea maneno. Kadi ya karatasi ina heshima yake, lakini majibu yake huja polepole. WhatsApp ni ya haraka na karibu bure, ila ina mitego miwili. Alama mbili za bluu zinasema mtu amesoma, hazisemi atakuja. Na usiweke kura kwenye kundi la ukoo. Kwenye kundi kila mmoja anaona nani amebonyeza nini, kwa hiyo wote wanabonyeza ndiyo kwa adabu, na wa kwanza kubonyeza ni binamu aliyeko ng'ambo. Tuma ujumbe kwa mtu mmoja mmoja, kwa lugha anayoongea nyumbani. Ndugu zetu wa milimani tuliwaandikia ubutumire wao kwa Kirundi, na walijibu upesi kuliko watu wa mjini.

Njia iliyonishangaza zaidi ni ya zamani kuliko zote. Kwenye miji ya Waswahili ya pwani kulikuwa na mwalishi, mtu anayepita nyumba kwa nyumba kualika kwa mdomo. Sisi hatukuwa na mwalishi rasmi, tulikuwa na shangazi. Tulimpa orodha ya nyumba 20 za Buyenzi ambazo hazijawahi kujibu kadi tangu dunia iumbwe. Alikwenda alasiri mbili, akanywa chai nyingi, akarudi na karatasi yenye namba mbele ya kila jina. Mbele ya nyumba moja aliandika sifuri. Nikamwuliza wamesemaje. "Wamesema watakuja," akajibu, "lakini mke hakuniuliza shughuli ni saa ngapi." Nikaacha ile sifuri, na kweli hawakuja.

Kwa yeyote anayepanga shughuli mwaka huu, hukumu yangu ni hii. Ukiwa na wageni chini ya 50, acha kadi, piga simu kwa kila nyumba na uandike namba. Utamaliza kwa jioni mbili. Ukiwa na zaidi ya hapo na mpishi anatoza kwa sahani, tumia maneno ya viti kwa jina na ukimya kuwa hapana, na usiruke jioni ya simu, maana kadi peke yake itakuachia theluthi ya nyumba gizani. Mchango ukiwa unalipwa kwa kamati kabla, na una mtu wa getini asiyeogopa mabibi, chukua mtindo wa Watanzania. Na kabla hujapeleka kadi kwa mchapaji, mpigie mpishi umuulize siku na saa ya mwisho ya kupunguza idadi, kisha rudi nyuma siku nne, ndiyo tarehe ya kuandika kwenye kadi.